Barua ya ruhusa: anzia kwenye ombi, malizia kwa shukrani moja

Nachapa barua kwenye steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, na za kuomba ruhusa hazikauki mezani. Wengi huja na karatasi ya mkono iliyoanza hivi: "Awali ya yote napenda kukusalimu, natumaini u mzima wa afya." Hiyo ni ya kumwandikia shangazi. Bosi anataka kujua unaomba nini na kwa siku zipi, na hapo anafika akiwa aya ya pili.

Juzi alikuja mwalimu aliyefiwa na baba yake mdogo, mazishi Ludewa. Chini ya anwani tuliweka "Ndugu," kisha "YAH: OMBI LA RUHUSA YA SIKU TATU KWA AJILI YA MSIBA". Aya ya kwanza ikawa hivi:

"Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naomba ruhusa ya siku tatu, kuanzia Jumatano tarehe 14 hadi Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, ili nikahudhurie mazishi ya baba yangu mdogo wilayani Ludewa. Nitarejea kazini Jumatatu tarehe 19 Mei 2025."

Yeye alikuwa ameandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari". Utaiona kila mahali, lakini mimi siipendi, kwa sababu inamwagiza mkubwa wako ahusike. "Rejea" nayo iache mpaka uwe unajibu barua yenye kumbukumbu namba.

Kitenzi kinachotosha ni "naomba". "Nataka" ni ukali, na "ningependa kuomba kama ingewezekana" inakuonyesha kama mtu ambaye hana uhakika na msiba wake mwenyewe. Ukitaka kulainisha zaidi, andika "Kwa heshima naomba", basi. Mengine, kama nani atashika vipindi vyako, yapate sentensi moja katika aya ya pili.

Mwishoni ndipo watu hurundika: natanguliza shukrani, nitashukuru sana, asante kwa kunikubalia, Mungu akubariki. Chagua moja. Kwa ruhusa ya dharura naandika "Natanguliza shukrani zangu za dhati." Kwa likizo ya mwaka, zile siku 28 ambazo ni haki yako, napendelea "Nitashukuru endapo ombi langu litakubaliwa", maana bosi bado anaweza kukusogezea tarehe. "Asante kwa kunikubalia" usiiguse, hajakubali bado. Hata "nategemea jibu zuri haraka" inasikika kama unamdai.

Kisha "Wako mtiifu," sahihi, na jina chini yake. Kwenye ofisi za serikali wapo wazee wanaotumia "Wako katika ujenzi wa Taifa", si kosa.

Kama msiba umekukuta usiku na umeshapanda basi la alfajiri, usijifanye bado unaomba kwenda. Piga simu kwanza, kisha barua ifunguke hivi: "Naomba radhi kwa kuondoka kituoni kabla ya kupata kibali cha maandishi, na naomba ruhusa ya siku tatu kuanzia leo tarehe 14 Mei 2025."