Barua Iliyonyooka na Sauti Iliyopotea: Maswali na Majibu

Naomba unitumie mfano wa barua nzuri ya kuomba kazi, nibadilishe jina na tarehe tu.

Sitautuma, na nawaomba wasomaji waache kuleta ombi hili kila mwezi. Barua ambayo mwenyewe ameweka jina na tarehe tu haimwambii mpokeaji neno lolote ambalo hajalisoma katika bahasha iliyotangulia.

Je, "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni Kiswahili sahihi?

Si sahihi, kwa sababu inamwamuru mpokeaji ahusike. Hata ukiisahihisha iwe "Rejea kichwa cha habari hapo juu" bado haina kazi, kwa kuwa kichwa amekwisha kukisoma. Ifute, uanze na jambo lenyewe.

Niliandika barua ya kuomba kazi ya kutunza ghala, kaka yangu akainyoosha. Sasa imekaa vizuri lakini nikiisoma siyo mimi. Nirudie ile ya kwanza? Nimekutumia zote mbili.

Usiirudie, na usiitume ya kaka yako. Tuziweke mbili hizo sambamba tuone kila moja ina nini.

Wewe uliandika hivi: "Nimefanya ghala la vipuri vya pikipiki miaka 4 nilipofika walikuwa wanahesabu mzigo mwisho wa mwaka tu na kila mwaka unapungua nikaanza kuhesabu kila jumamosi tukifunga na mwezi wa tatu tukajua tairi zinapotelea wapi zilikuwa zinachukuliwa na mafundi wa jirani kwa mkopo bila kuandikwa." Kaka yako akaandika hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nina uzoefu wa kutosha katika suala zima la utunzaji wa ghala, ikiwa ni pamoja na kuhakikisha kwamba bidhaa zinakuwa katika hali ya usalama."

Kaka yako alikusaidia katika mambo ambayo hupaswi kuyatupa. Aliweka nukta mahali pake, na aliona kwamba ghala hutunzwa, halifanywi. Tatizo ni kwamba alipokuwa akifuta makosa alifuta pia Jumamosi, tairi na mafundi wa jirani, yaani vitu vyote ambavyo mtu mwingine asingeweza kuviandika. Soma sentensi zake moja moja, na kwa kila moja jiulize kama mwombaji mwingine wa kazi hiyohiyo angeweza kutia sahihi chini yake bila kubadili neno. Zote mbili zinaanguka.

Sasa chukua kalamu uzungushie duara kila jina lililozaliwa na kitenzi, pamoja na kila kitenzi kilichosimama katika "ku-" bila mtendaji. Kwa kaka yako utazungushia, miongoni mwa mengine, "kujituma", "kufanya", "kusimamiwa", "uzoefu", "utunzaji" na "kuhakikisha". Kwako duara ni chache, na utakuta "nikaanza" na "tukajua", yaani ile "-ka-" ambayo kila Mswahili huitumia anaposimulia jambo lililofuata jingine. Hapo ndipo sauti yako ilipotokea, na hapo ndipo barua za kunakili zinapokufa: kitendo hugeuzwa kuwa jina, aliyekitenda hutoweka, na msomaji haoni mtu akifanya lolote. "Suala zima la" lifute popote unapolikuta, kwa sababu sentensi haipungukiwi na kitu likiondoka. "Zinakuwa katika hali ya usalama" maana yake ni "ziko salama".

Nikichukua nukta za kaka yako na maneno yako, napata hii:

"Kwa miaka 4 nimetunza ghala la vipuri vya pikipiki. Nilipofika, mzigo ulihesabiwa mwisho wa mwaka tu, na kila mwaka ulipungua. Nikaanza kuuhesabu kila Jumamosi tulipofunga, na mwezi wa tatu tukajua tairi zilikokuwa zikipotelea: mafundi wa jirani walizichukua kwa mkopo bila kuandikwa."

Uaminifu na bidii vimo humo bila kutajwa. Nilitamani kuongeza kwamba tangu siku hiyo hakuna kifaa kilichotoka bila sahihi, lakini hukuniambia hivyo. Kama ni kweli, liongeze wewe. Anayenyoosha barua ya mtu ana ruhusa ya kugusa maneno, hana ruhusa ya kugusa yaliyotokea. Nimewaona watu wakiulizwa kwenye usaili juu ya sifa waliyoandikiwa na mtu mwingine, wakakosa la kusema.

Niondoe na "YAH:" basi? Nayo ni ya kunakili.

Iache. Hiyo ni ya karani wa masijala, anayetazama mstari huo ajue barua iende kwenye faili gani. Anuani, tarehe, namba ya kumbukumbu na kichwa havikuwekwa ili vibebe sauti yako.

Mkuu wetu wa idara anataka barua fupi. Nikate salamu?

Inategemea mnavyosalimiana. Ikiwa ni mtu mzima ambaye unampa shikamoo kila asubuhi, barua inayoanza kwa "Kwa heshima na taadhima" itamshtua, kwa maana hajawahi kukusikia ukisema hivyo. Mwandikie shikamoo katika mstari mmoja kisha uingie kwenye jambo. Ikiwa hamfahamiani, "Ndugu" au cheo chake kinatosha. Sikubaliani na wahariri wanaokata kila salamu kwa kisingizio cha ufupi. Kinachorefusha barua ni "napenda kuchukua nafasi hii", "kwa namna moja ama nyingine", na "ni matumaini yangu makubwa kwamba ombi langu litapokelewa kwa mikono miwili".

Nikitia maneno ya mtaani na methali mbili, si itasikika kama mimi?

Haitasikika hivyo, ila kama wewe mwenyewe huzungumza na mwajiri kwa methali. Tafuta sauti unayotumia mbele ya mtu huyo hasa, wala si ile ya kijiweni. Msimulie rafiki jambo lako kama vile yeye ndiye mpokeaji, jirekodi kwa simu, kisha uandike kutoka humo.

Nimepewa kazi ya kuandika rambirambi kwa niaba ya kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa. Aliyefariki ndiye aliyekuwa mtunza hazina. Kila ninachoandika kimekwisha kusemwa kwenye misiba yote. Nibadilishe yote?

Pole kwa msiba, mama. Usibadilishe yote. "Poleni", na maneno ya dini ambayo familia hiyo huyatumia, yaache kama yalivyo. Wafiwa wanayategemea, na anayeyapamba upya huwaongezea kazi ya kumwelewa. Si kila maneno yanayorudiwa ni ya kunakili. Mengine hurudiwa kwa sababu ndiyo yaliyopo kwa saa hiyo.

Panapohitaji mkono wako ni katikati, pale penye "alikuwa mtu wa watu na mchango wake hautasahaulika". Wakutanishe wanachama watatu, umwombe kila mmoja akumbuke siku moja marehemu alipofungua sanduku. Huenda mmoja akasema alikuwa akihesabu fedha mara mbili kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie, na mwingine akasema alimtetea alipochelewesha marejesho. Chagua moja ambalo wote wanalikubali, uliandike kwa sentensi mbili, na utumie jina ambalo kikundi kilimwita, hata kama kwenye cheti ameandikwa jina jingine. Kabla ya kutuma, msomee dada au binti yake wa karibu kwa sauti, kwa sababu yeye ndiye atakayejua kama jambo hilo linafaa kusomwa mbele ya waombolezaji.