Macho na nyusi kabla ya neno la kwanza

"Wakuu, mhusika wangu anajibu kama kasuku. Midomo inakwenda sawa na sauti, lakini haonekani kufikiri kabla ya kujibu. Nikimpa kupepesa anaonekana ana usingizi. Natumia Blender, fremu 24 kwa sekunde."

Mkuu, anza na sauti kabla ya uso. Tazama swali linaishia fremu ya ngapi na jibu linaanzia wapi. Kama katikati pana fremu 5 au 6 tu, wazo halina pa kukaa. Ama usogeze sauti ya jibu mbele, ama mhusika aanze kufikiri mwenzake angali anasema, pale anapolisikia neno linalomgusa.

Chukua mfano huu: mteja anamuuliza fundi cherehani, "Gauni langu limeisha?" Fundi anajibu, "Njoo kesho." Kitambaa hata hakijakatwa. Swali linaisha fremu ya 20, na jibu naliweka fremu ya 50.

Kuanzia 20 hadi 26 sigusi kitu. Anamtazama mteja ametulia, swali linamwingia. Watu wengi huogopa utulivu huu wakaujaza vijitikisiko, na hapo ndipo wazo linapopotea. Fremu ya 26 ncha za ndani za nyusi zinashuka na kusogeleana kidogo. Fremu ya 28 macho yanaruka kwenye rundo la vitambaa pembeni, na mruko wenyewe unachukua fremu 2 tu. Yanatua hapo hadi 36, kisha yanaruka tena kidogo sana ndani ya rundo lilelile, kama mtu anayetafuta kitu kwa macho. Kichwa kinafuata nyuma ya macho kwa fremu 2 au 3, tena kwa uchache. Kichwa kikitangulia, atakuwa anageuka tu, hafikiri.

Uamuzi wa kudanganya naufungia ndani ya kupepesa. Fremu ya 40 macho yako wazi, 42 yamefumba, 43 bado yamefumba, 47 yamefumbuka. Kufumba ni haraka kuliko kufumbua. Ukigeuza mpangilio huo, au ukiyaacha yamefumba fremu 5 au 6, unapata huo usingizi unaoulalamikia. Wakati kope zimefunika, hamisha mboni zirudi kwa mteja, ili kope zikifunguka mboni ziwe zimeshafika. Nyusi nazo zinaanza kupanda fremu ya 41, kabla kope hazijaanza kuinuka, na zinafika juu pamoja na tabasamu la kibiashara. Fremu ya 46 mdomo unafunguka kuvuta pumzi, na 50 ndipo neno linatoka. Kwa hiyo mtazamaji ameuona uongo kabla hajausikia.

Kwenye Graph Editor utagundua kosa upesi. Mstari wa macho unatakiwa uwe kama ngazi: tambarare, mruko, tambarare. Ukiona kilima laini, macho yanaelea kama ya mlevi. Weka fremu za msingi mbili zenye thamani ileile mwanzo na mwisho wa kila kituo, zichague, bonyeza `V`, kisha `Vector`. Hiyo ni kwa macho tu. Nyusi ziache ziwe laini, maana ni nyama na zinachukua muda.

Kope ya juu izingatie sana. Katika utulivu inafunika kidogo ukingo wa juu wa mboni. Mhusika akitazama chini, ishuke nayo. Ikibaki juu, weupe unatokeza juu ya mboni na fundi wako anaonekana ameona jini. Rigi nyingi zinafanya hivyo zenyewe, lakini nyingine itabidi uweke kwa mkono.

Kuhusu upande wa kutazama, usihangaike na lile dai kwamba anayedanganya hutazama juu kulia. Lilipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na halikusimama. Mimi huchagua upande kwa sababu mbili: kitu anachokifikiria kiko wapi kwenye chumba, na kamera iko wapi. Akitazama mbali na kamera huku uso umegeuka nusu, mboni zinageukia upande usioonekana na unabaki na weupe mwingi.

Nyusi zisirudi katikati baada ya kila wazo. Ziache zilipo hadi wazo jingine lizisukume, na moja itangulie nyingine kwa fremu 1.

Haya yote ni ya picha ya karibu. Kama picha inaonyesha mwili mzima, mruko wa pili mdogo hautaonekana kabisa, kwa hiyo uondoe. Baki na kupepesa, na mruko wa kwanza ubebwe na kichwa zaidi.