Dola zilizopungua njiani

Mbukwa. Mnunuzi wangu wa zabibu kavu aliyeko Ujerumani ametuma dola 2,000, akaunti imesoma 1,963. Benki yangu hapa Dodoma wananila? (Mkulima, Hombolo)

Mbukwa. Kwa nakala uliyoambatanisha ya MT103, yaani ujumbe wa malipo kutoka benki hadi benki, benki yako imechukua sehemu ndogo tu. Swift, mtandao wa mawasiliano ya benki, hupeleka ujumbe, haibebi fedha. Dola zenyewe huhama kati ya akaunti ambazo benki ya mnunuzi na benki yako wamefungua kwenye benki kubwa za nje, mara nyingi New York. Benki hizo za njiani hazikujui, na hazina akaunti yako ya kutoza, kwa hiyo hukata ujira wao kwenye fedha zinazopita.

```
:32A:250312USD1975,
:33B:USD2000,
:71A:SHA
:71F:USD18,
:71F:USD7,
```

33B ni kiasi alichoagiza mnunuzi, na 32A ni kilichofika kwenye benki yako. Kila mstari wa 71F ni kato la benki moja: 18 na 7, jumla 25. Dola 12 zilizobaki ndizo za benki yako. Hizo waombe wakuonyeshe kwenye orodha yao ya tozo. Za njiani ukiwagombeza dirishani utamchosha bure yule binti.

Nimlipie mwanangu ada ya chuo India bila ipungue hata senti, inawezekana? Mwaka jana chuo kilidai nyongeza. (Mama, Kikuyu)

Kwenye fomu, pale pa mgawanyo wa gharama, chagua OUR: gharama zote zinakuwa zako. SHA, ambayo wengi huiacha ilivyo, hukufanya ulipe ya benki yako tu, na makato mengine yanatoka kwenye ada. BEN ndiyo mbaya zaidi kwako, maana humwangushia mpokeaji kila kitu. Kwenye mfumo mpya wa ujumbe utakuta DEBT, SHAR na CRED, maana ni ileile.

Ila OUR nayo ina tobo. Dola zikipita Marekani, benki ya huko inaweza kukata hata hivyo. Kabla ya kusaini, uliza kama benki yako inahakikisha kiasi kamili kufika, maana baadhi huuza huduma hiyo kwa ada ya juu.

Mteja wangu hutuma kiasi kilekile kila mwezi. Mbona makato hubadilika? (Kijana, Makole)

Njia imebadilika. Benki ya mteja ikipitisha kwingine, idadi ya benki za katikati inaongezeka au kupungua. Mwombe namba ya UETR, herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari. Kwa namba hiyo benki yako inaweza kufuatilia malipo yalipita wapi, na mara nyingi ikaona nani alikata nini.

Kama akaunti yako ni ya shilingi, linganisha dola kwanza. Kilichopungua kwenye kubadilisha ni hesabu nyingine, na hakimo kwenye 71F.