Shefu wa kartie aje aone barabara iliyokatika

Swali: "Mimi ni mama wa duka huku Katuba, Lubumbashi. Maji ya mvua yamekata avenyu yetu. Tulienda mara mbili kwa shefu wa kartie, akasema amesikia, basi. Tumwandikie nini?"

Jibu: Mama, msimwombe atengeneze barabara. Shefu wa kartie hana katapila wala pesa za kazi hiyo, ndiyo maana jibu lake linaishia hapo. Anachoweza ni kuja, kuona, na kumwandikia burgumestre wa komine, ambaye naye anaweza kuifikisha habari OVD, ofisi ya serikali ya barabara za mjini na mitaro. Ombeni hilo tu, na mtaje siku:

"Kwa heshima, Shefu. Sisi wakaaji wa avenyu hii, kati ya namba 40 na 52, tunakujulisha kwamba mvua ya tarehe 12 Januari ilikata barabara, ikabaki mita 2 za kupita. Mvua ya tarehe 19 ikaacha mita 1 na nusu, na gari haipiti tena. Mtaro wa upande wa juu umejaa mchanga, maji yanapita barabarani. Tunakuomba ufike hapa Alhamisi tarehe 5 Februari, saa tatu asubuhi, kisha umwandikie burgumestre. Kama siku hiyo haikufai, tupe nyingine. Picha 4 ziko pamoja na barua."

Tarehe mbili na vipimo viwili vinaonyesha kwamba barabara inaendelea kuliwa. Neno "imeharibika" halionyeshi hivyo.

Kwenye picha ndipo wengi wanakosea. Wanapiga shimo peke yake, kwa karibu, na fundi akilitazama hajui kama litazibwa kwa kifusi au kama shida iko kwenye mtaro. Kifusi kikimwagwa huku mtaro umeziba, mvua inayofuata inakibeba chote. Nimeliona hilo mara nyingi na linaniuma. Kwa hiyo picha ya kwanza ichukuliwe kutoka mbali, nyumba zionekane. Ya pili ni ya shimo, mtu amesimama kando yake ili kina kijulikane. Ya tatu ni ya mtaro pale ulipoziba. Ya nne ipigwe mvua ikinyesha, ionyeshe maji yanaingilia wapi. Zichapishe na uandike tarehe nyuma ya kila moja, kwa sababu picha ikipita Watsapu kwa kawaida hupoteza tarehe iliyohifadhiwa ndani yake.

Peleka barua nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine unarudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Shefu asipokuja wala kutoa siku nyingine, ambatisha nakala hiyo kwenye barua yenu kwa burgumestre.

Siku ya kumpokea wawepo watu watatu au wanne, wakiwa na futi ya kupimia. Mwanzisheni kwenye mtaro ulioziba, mteremke naye mpaka kwenye shimo, na kabla hajaondoka mwulizeni ni siku gani mtapata nakala ya ripoti yake.