Mteremko bila kutoa: hatua ya kufikirika badala ya tofauti mbili

Kama programu yako inahitaji mteremko wa fanksheni na bado unautafuta kwa kukokotoa thamani mbili, kutoa moja kwa nyingine, kisha kugawanya kwa hatua ndogo h, nakushauri uache. Nimeandika programu nyingi za kutafuta thamani bora, na kazi iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kuchagua h. Ikiwa kubwa, fomula yenyewe inakosea. Ukiipunguza kupita kiasi, kompyuta inameza jibu.

Chukua x³ kwenye x = 2. Mteremko wake ni 12. Kompyuta hubeba takriban tarakimu 16 kwa kila namba, kwa hiyo ukiweka h = 1e-15, f(2+h) na f(2) zinafanana karibu tarakimu zote. Ukizitoa, zinazofanana zinafutana na unabaki na mabaki machache ya mwisho, yale yale yaliyokwisha kukatwakatwa. Jibu linatoka 10.658. Ukishuka hadi 1e-16, 2+h inakuwa 2 kamili na mteremko unasomeka sifuri.

Njia iliyotokana na kazi ya Lyness na Moler ya 1967, ambayo Squire na Trapp waliiweka mwaka 1998 katika sura fupi tunayoitumia leo, inasogeza x kuelekea upande wa kufikirika. Unakokotoa f(x + ih), i ikiwa kipeuo cha pili cha −1, unachukua sehemu ya kufikirika peke yake, yaani ile inayozidishwa na i, unagawanya kwa h. Kwa x³, sehemu hiyo ni 3x²h − h³, hivyo jibu ni 3x² − h².

Angalia kilichotokea hapo. Thamani ya f(x), ile 8 kubwa iliyokuwa ikifunika mabadiliko madogo, imekaa kwenye sehemu halisi, na mteremko umekaa kwenye sehemu nyingine. Kompyuta huhifadhi sehemu hizo mbili kama namba mbili tofauti, kila moja na tarakimu zake 16. Hakuna f(x) ya kutoa, kwa hiyo hakuna cha kufutana. Kosa pekee la fomula ni h², na hilo unaweza kulizamisha utakavyo:

```python
def f(x):
    return x*x*x

h = 1e-20
print(f(2 + 1j*h).imag / h)
```

Inatoka 12, ikikosea, ni kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Weka 1e-30 au 1e-100, jibu ni lile lile. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi: h haihitaji tena kubembelezwa.

Lakini kagua kila kilichomo ndani ya fanksheni yako. Mtego mbaya kuliko yote ni `abs`. Kwa namba changamano, `abs` hurudisha urefu wake, namba halisi tupu, na sehemu ya kufikirika inapotea kimyakimya. Jaribu `abs(x)*x` kwenye 2: mteremko wa kweli ni 4, nawe utapata 2. Jibu hilo halitikisiki hata ukibadilisha h, kwa hiyo kubadilisha h peke yake si kipimo. Mimi hulinganisha kila mara na tofauti ya kawaida yenye h = 1e-6; tarakimu tano au sita za mwanzo zisipolingana, kuna mahali sehemu ya kufikirika imeangushwa. Kwa `abs`, dawa ni hii:

```python
def abs_c(z):
    return -z if z.real < 0 else z
```

Kwa wanaotumia MATLAB, alama `'` hugeuza matriki na pia hubadilisha ishara ya sehemu ya kufikirika. Tumia `.'`.

Kuna mpaka mwingine ambao watu huusahau. Njia hii inaondoa utoaji uliokuwa ukiufanya wewe wakati wa kutafuta mteremko. Utoaji uliomo ndani ya fanksheni yenyewe unabaki pale pale. Mfano ni (1 − cos x)/x² kwenye x = 1e-8. Kompyuta inasoma cos x kuwa 1 kamili, juu panabaki sifuri, na hatua ya kufikirika inakupa mteremko wa karibu 100,000,000, ilhali wa kweli ni karibu sifuri. Andika juu `2*sin(x/2)**2` badala ya `1 - cos(x)`, na jibu linarudi karibu na sifuri.

Na ukihitaji mteremko wa mteremko, usidhani h ndogo itakubeba tena. Fomula yake ya kawaida ni 2(f(x) − Re f(x+ih))/h², na kama unavyoona, alama ya kutoa imerudi. Hapo 1e-20 itakupa sifuri, na kazi ya kuchagua h inaanza upya.