Kabla hujamwita muuzaji wako mwizi, hesabu piramidi la machungwa hivi

Wiki hii nimepata meseji ya dada mmoja mwenye meza ya matunda, na imenichoma nikaona nisimjibu peke yake, niandike hapa kila mwenye meza asome. Anasema ana binti anamuuzia machungwa, na kila rundo likiisha hela zinapungua kiasi cha machungwa 56. Sio leo 20 kesho 70, hapana, ni 56 kila rundo. Amechoka, mwisho wa mwezi anamtimua.

Nikamuuliza swali moja tu, dada unajuaje rundo lina machungwa mangapi? Akaniambia anapanga mraba chini, 12 kwa 12, anapandisha mpaka juu panabaki 5 kwa 5 anaacha hapo ili wateja wachukue vizuri. Afu anachukua tabaka la chini 144, la juu 25, anajumlisha anagawa kwa mbili, anazidisha na matabaka 8. Anapata 676.

Nilivyosoma hivo nikajua yule binti hajaiba hata moja. Najua kwasababu hesabu hiyohiyo ndo iliyonitoa mimi kwenye meza ya mjomba wangu.

Nilikuwa kijana, namuuzia machungwa barabarani upande wa Muheza, na kwa wasiojua, Muheza ndo nyumbani kwa machungwa ya Tanga, msimu ukichanganya unaona marundo njia nzima. Mzigo ulikuwa unakuja kwa matenga kutoka shamba, hakuna mtu anayehesabu moja moja, tunapanga piramidi 10 kwa 10 mpaka juu linabaki chungwa moja. Mjomba akawa anapiga kichwani: chini 100, juu 1, wastani hamsini na nusu, matabaka 10, basi 505. Mimi nikimaliza rundo nampa hela ya machungwa 385. "Mia na ishirini yako wapi?" Nikawa sina jibu, kwasababu kweli nilikuwa sijachukua kitu na kweli hesabu yake nilikuwa naiona iko sawa kabisa, sa utamjibu nini mtu mzima. Akaniita mwizi mbele ya mama, kikakaliwa kikao, wakasema nimeharibika na mji. Nikaondoka pale.

Miaka ikaenda, niko kidato cha tano, mwalimu wa hesabu anaandika ubaoni jumla ya vipeo vya pili, 1 + 4 + 9 + 16 na kuendelea, anasema tuthibitishe kanuni yake, afu akaweka n ni 10 kama mfano. Likatoka 385. Mi nikaacha kuandika. 385 ni namba niliyoibeba kifuani muda wote ule, ndo hela niliyokuwa nakabidhi kila rundo, shilingi kwa shilingi. Sikuwa mwizi, na sasa kulikuwa na uthibitisho ubaoni. Mjomba mpaka leo hajaniomba radhi na sidhani kama ataniomba, ila mi nilijisafisha mwenyewe siku ile na najivunia.

Sasa kosa liko wapi. Ukipanga machungwa kwa mraba, kila chungwa la juu linakaa kwenye kishimo kati ya manne ya chini yake, ndo maana halianguki. Hivo kila ukipanda tabaka moja, upande unapungua chungwa moja: 10 kwa 10, juu yake 9 kwa 9, afu 8 kwa 8, mpaka 1. Matabaka yako ni 100, 81, 64, 49, 36, 25, 16, 9, 4, 1. Angalia katikati hapo, 36 na 25. Wastani wa mjomba ulidhani katikati kuna hamsini, kumbe kuna kama thelathini. Upande ukipungua nusu, machungwa hayabaki nusu, yanabaki robo, kwasababu yamepungua kwa urefu na kwa upana pia. Mtu anayetumia wastani wa chini na juu atapata kubwa kuliko ukweli kila siku ya Mungu, na pengo litakuwa lilelile mradi rundo ni la saizi ileile. Hicho ndo kitu nilichotaka yule dada akione. Mwizi habebi 56 kila rundo bila kukosea hata moja. Pungufu lisilobadilika linatoka kwenye hesabu yako, sio kwenye mfuko wa binti.

Kanuni yenyewe ni hii, n ikiwa idadi ya machungwa kwenye upande mmoja wa tabaka la chini:

n × (n + 1) × (2n + 1) ÷ 6

Kwa 10 ni 10 × 11 × 21 = 2310, gawa kwa 6, 385. Aryabhata wa India aliiandika mwaka 499, kwahiyo sio kitu kigeni duniani, ila wengi tunaikariri bila kujua imetoka wapi na ukiikariri tu siku ukisahau ile 6 umekwisha. Mi napenda kuionyesha hivi, chukua rundo dogo la upande 3, yaani 9 + 4 + 1. Andika 1 mara moja, 2 mara mbili, 3 mara tatu, upate pembetatu, kwasababu 2 mara mbili ni 4 na 3 mara tatu ni 9. Afu izungushe mara mbili:

```
  1        3        3
 2 2      3 2      2 3
3 3 3    3 2 1    1 2 3
```

Sasa jumlisha nafasi kwa nafasi kwenye zote tatu. Kileleni 1 + 3 + 3 ni 7. Mstari wa pili kushoto 2 + 3 + 2 ni 7, kulia 2 + 2 + 3 ni 7. Chini kushoto 3 + 3 + 1 ni 7, na zilizobaki hivohivo 7. Nafasi ziko 6, kila moja 7, jumla 42, na kwasababu pembetatu ni tatu zenye jumla sawa, gawa kwa 3 unapata 14. Ndo 9 + 4 + 1. Ile 7 ni 2n + 1, zile nafasi 6 ni n × (n + 1) ÷ 2, ukigawa tena kwa 3 ile 6 ya chini imezaliwa. Fanya na upande 4 mwenyewe kwenye karatasi, kila nafasi itakupa 9, mwisho unapata 30.

Turudi kwa dada. Rundo lake halifiki kileleni, limekatwa kwenye 5 kwa 5. Hapo unahesabu piramidi zima la 12 kama vile limefika juu, unapata 12 × 13 × 25 ÷ 6 = 650, afu unatoa kile kilele ambacho hakipo, yaani piramidi la 4, ambalo ni 30. Linabaki 620. Yeye alikuwa na 676. Toa uone ni ngapi: 56! Kila rundo, 56 yake ileile. Binti wa watu alikuwa analeta hela kamili.

Na jioni rundo likiwa halijaisha hakuna haja ya kubomoa. Tuseme tabaka la 12, 11, 10 na 9 yako kamili, na juu yake lile la 8 kwa 8 limeliwa yamebaki machungwa 23. Chukua 650 toa piramidi la 8 ambalo ni 204, unapata 446, ongeza 23, yaliyobaki ni 469. Yameuzwa 620 toa 469, yaani 151. Hapo ndo unadai hela, sio kwa macho.

Jamani tuache kuhukumu watoto wa watu kwa hesabu za kichwani. Mtu ukishamwita mwizi mbele za watu, hata ukija kugundua uliteleza, lile neno halirudi. Hesabu kwanza. Kama hesabu ni ya kweli na bado pengo lipo na linaruka ruka kila siku, hapo zungumza naye.

Ila kanuni ina masharti, usije ukaipakaza kila mahali. Hesabu machungwa ya ukingo wa pembe moja kutoka chini mpaka kileleni: kama juu kuna chungwa moja, idadi hiyo lazima ilingane na upande wa chini. Isipolingana kuna tabaka limerukwa au machungwa hayalingani saizi, na machungwa makubwa na madogo yakichanganywa vishimo vinaharibika, kuna sehemu mawili yanabanana kwenye nafasi ya moja. Kama kileleni kuna mstari badala ya chungwa moja, basi chini sio mraba, ni mstatili. Chini 12 kwa 8 kwa mfano, unapanda 11 kwa 7, 10 kwa 6, mpaka mstari wa 5 kwa 1. Hapo zidisha tabaka kwa tabaka ujumlishe, utapata 348. Na rundo lenye pembe tatu chini ni hesabu nyingine kabisa, upande 10 linatoa 220 tu.

Sharti la mwisho ni kwa wanaonunua jumla rundo zima. Kwenye tabaka la 10 kwa 10 unayoyaona ni ya pembeni tu, 36, yale 64 ya ndani huyaoni. Tabaka la 9 yamejificha 49, la 8 yamejificha 36, na kuendelea. Yaliyofichika yote ni piramidi la 8 kamili, 204, na wewe machoni una 181. Zaidi ya nusu ya unachonunua hujakiona, na mtu akiweka boksi tupu au majani katikati rundo linasimama na kanuni inakuambia 385 vilevile. Kanuni haijui kilichopo ndani. Mwambie muuzaji aondoe machungwa ya pembe moja mpaka ndani paonekane, na kama hataki, nunua kwa kuhesabiwa.