Slabu mpya Nakuru: karatasi ya nailoni kwanza, maji baadaye

Ukipita kwenye mitaa inayojengwa kuanzia Lanet hadi Kiamunyi, utaona kila asubuhi kijana amesimama juu ya slabu mpya na mpira wa maji mkononi, akimwagilia kwa dakika kumi na kisha kwenda zake hadi jioni. Mwenye nyumba akiuliza, anaambiwa, "Usijali mzee, tunamwagilia asubuhi na jioni." Kwa miaka ambayo nimesimamia kazi za ujenzi katika mji huu, nimefikia uamuzi kwamba utaratibu huo hausaidii slabu isiyofunikwa, hasa kati ya Januari na Machi, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi uso wake unakuwa umekwisha kukauka na kuwa mweupe, na unabaki hivyo hadi jua litue.

Zege haligandi kwa kukauka. Saruji hushikana na maji na kujenga polepole kitu kigumu kinachounganisha mchanga na kokoto, na kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi baada ya slabu kuwa ngumu kiasi cha kutembelewa. Unyevu uliomo ndani ya zege ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, kazi hiyo karibu husimama. Maji ya kuchanganyia kwa kawaida yanatosha. Tatizo ni kwamba jua na upepo huyachukua kupitia juu kabla saruji haijayatumia. Kwa hiyo lengo letu si kulinywesha zege maji mengi, bali kuyazuia yaliyomo yasitoroke, na ndiyo maana ninawashauri watu wanunue karatasi ya nailoni kabla ya kuagiza tangi la maji.

Saa za kwanza ndizo hatari zaidi. Upepo mkavu wa alasiri ukiikuta slabu ikiwa bado laini, uso hunywea kuliko sehemu ya chini, na nyufa hujitokeza hata kabla fundi hajaosha vyombo vyake. Nyufa hizi zinatambulika kwa urahisi: mara nyingi hukaa sambamba, zikiachana kwa nusu mita au zaidi, na kwa kawaida haziufikii ukingo wa slabu. Zikionekana wakati zege lingali laini, fundi anaweza kuzifunga kwa kusugua tena kwa ubao na kufunika mara moja. Zege likishakuwa gumu, kumwaga maji juu yake hakuzifungi. Kwa sababu hiyo napendelea kumwaga zege alfajiri, ili usuguaji umalizike kabla upepo haujaamka.

Baada ya usuguaji wa mwisho, subiri hadi yale maji yanayong'aa juu yapotee na kidole gumba kikibonyeza kwa wepesi kisiache alama. Hapo ndipo nyunyiza maji kama umande, wala usielekeze mpira ulio na nguvu, kwa sababu maji ya nguvu huosha saruji ya juu na kuacha mchanga mtupu utakaotoa vumbi kila unapofagia. Kisha tandaza magunia yaliyolowa, na juu yake karatasi.

Hapa niseme neno kuhusu magunia, kwani ndipo watu wengi wa upande wetu na wa magharibi mwa Kenya hukosea. Gunia linalofaa ni la katani au la juti, kwa sababu linafyonza maji na kuyashika. Gunia jeupe la nailoni lililobeba sukari au mbolea halifyonzi chochote, na lile la sukari lina ubaya wa ziada: sukari huchelewesha saruji kushikana, hata ikiwa kidogo. Kama huna gunia lingine, lioshe vizuri, au liache kabisa na utumie karatasi peke yake juu ya slabu iliyolowa. Karatasi peke yake inafanya kazi nzuri, ingawa inaweza kuacha mabaka ya rangi pale inapojikunja, jambo ambalo si neno ikiwa sakafu itawekwa vigae.

Tuchukue slabu ya chini ya nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, yaani mita 80 za mraba. Kwa karatasi ya upana wa mita 3, kata vipande vitatu vya mita 11 kila kimoja. Kila kipande kilalie mwenzake kwa sentimita 30, na utapata upana wa mita 8.4, ambao unateremka sentimita 20 kila upande na nusu mita kwenye ncha. Hiyo ziada inayoteremka ni muhimu, kwa kuwa ukingo wa slabu hukauka haraka kuliko katikati. Kandamiza kingo zote kwa udongo au matofali yaliyopangwa mfululizo, na juu ya maungio weka mbao. Jiwe moja hapa na jingine pale halitoshi. Upepo ukiingia chini, karatasi huwa kama tanga, na unyevu wote umekwenda.

Sasa linganisha maji. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku ya jua na upepo ikichukua milimita 5, slabu hii isiyofunikwa inapoteza lita 400, ambayo ni mitungi 20 ya lita 20 kila siku, na hata hivyo inakauka katikati ya mara mbili za kumwagilia. Ukijenga kingo za udongo na kufanya bwawa la sentimita 3, unahitaji lita 2,400 za kuanzia. Lakini kwa magunia na karatasi, mitungi 12 hulowesha kila kitu mwanzoni, na baadaye mitungi mitatu au minne kila baada ya siku mbili inatosha kwa kawaida. Wanaonunua maji kwa mkokoteni watanielewa. (Wengine huniuliza kuhusu maji ya visima vya Nakuru yenye floraidi: yanaharibu meno ya watoto, lakini slabu haiyaogopi.)

Usikisie, inua pembe ya karatasi kila asubuhi. Ukikuta matone chini yake na zege likiwa na rangi ya kijivu iliyokolea, funika uende. Ukikuta weupe, ongeza maji asubuhi hiyo hiyo, wala si saa saba mchana, kwa kuwa maji baridi juu ya zege lililochomwa na jua huweza kulipasua.

Kuhusu idadi ya siku, soma mfuko. Saruji ya kawaida isiyochanganywa inaridhika na siku 7, lakini ile iliyoandikwa 32.5 na kuchanganywa na pozolana, yaani unga wa mawe ya volkano, ambayo ndiyo imejaa madukani, hupata nguvu polepole na inastahili siku 10 hadi 14. Mafundi watataka kuanza kuta mapema. Waruhusu kupima na kuchora mistari kuanzia siku ya tatu, wakifunua kipande wanachohitaji tu na kukifunika tena, na vifurushi vya mawe visirundikwe mahali pamoja.

Siku ya mwisho ikifika, ondoa karatasi jioni na uyaache magunia yakauke yenyewe palepale kwa siku moja au mbili, ili uso usipoteze unyevu wake wote kwa mchana mmoja.